Mama mwenye nyumba amepitisha tarehe aliyoahidi kunirudishia amana: nimkumbushe vipi bila kumvunjia heshima?

Ndugu Mshauri,

Nilipanga nyumba ya vyumba viwili Nyegezi, jijini Mwanza, kuanzia Januari 2024 hadi mwisho wa Juni 2025. Kodi ilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi, nami nilikuwa nikilipa miezi sita kwa mkupuo. Tarehe 2 Januari, siku ya kuingia, nililipa pia amana ya mwezi mmoja, shilingi 180,000, na mkataba wetu unasema kwamba amana hiyo itarudishwa mpangaji atakapohama, baada ya kutolewa madeni na gharama za uharibifu. Kisha nikahamishiwa kikazi Sengerema. Tarehe 30 Juni nilimkabidhi mama mwenye nyumba funguo, akapita vyumba vyote bila kulalamikia lolote, na kesho yake akaniandikia: "Mwanangu nitakurudishia hela yako tarehe 15 mwezi wa 7."

Nimempigia simu mara nne tangu tarehe hiyo ipite. Mwanzoni alisema nimvumilie apate mpangaji mpya. Juzi alisema kuna bili ya maji na rangi ya sebuleni imechakaa, na simu ikakatika kabla sijauliza ni kiasi gani. Jirani ananiambia kwamba mpangaji mpya ameshaingia tangu mwanzo wa Agosti. Leo ni tarehe 12.

Mama huyu ana umri wa mama yangu mzazi. Nilipougua malaria kali mwaka jana ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi, na tulikuwa tukisali kanisa moja. Sitaki ajisikie kwamba namfuata kama mwizi. Hata hivyo, amana ya nyumba ninayoishi sasa nililipa kwa fedha ya kukopa, nikitegemea hiyo ya Nyegezi. Nimwandikie nini, na akinyamaza nifanye nini?

Mpangaji wa zamani, Nyegezi

*

Ndugu yangu,

Ninakuomba kwanza uache kupiga simu, angalau kwa wiki mbili zijazo. Hilo litamwondolea mama usumbufu, lakini sababu kubwa ni kwamba simu zimekuwa zikikurudisha nyuma. Ulipokabidhi funguo ulikuwa na jambo moja lililo wazi, yaani kiasi kinachojulikana na tarehe aliyoiandika yeye mwenyewe. Katika kila simu uliyopiga baadaye, mama amelazimika kutafuta neno la kujibu papo hapo, na kila neno limekuwa sababu mpya ambayo haikuwepo tarehe 30 Juni alipokagua vyumba. Ukipiga mara ya tano huenda ukasikia habari ya kitasa au ya koki ya jikoni. Sisemi kwamba anakudanganya. Ninachosema ni kwamba mtu anayedaiwa akiwa hana fedha mkononi, akiulizwa ghafla, hujitetea kwa chochote kinachomjia, na akishakisema huona aibu kukiacha.

Na yaelekea kweli hana fedha hiyo mkononi. Wenye nyumba wengi wa kwetu hupokea kodi ya miezi sita na amana siku moja, kwa mkono mmoja, na fedha yote huingia katika shughuli zilizokuwa zikisubiri: ada za shule, mabati, uzio, mgonjwa aliyelazwa Bugando. Hakuna akaunti ya pembeni ambamo amana yako imelala tangu Januari 2024. Ndiyo maana alitaja mpangaji mpya: alitegemea kukulipa kutokana na atakachokitoa huyo. Ukilielewa hilo hutamwandikia kwa hasira, na pia hutakubali kwamba mpango wake wa kupata fedha ugeuke kuwa sharti la haki yako. Mkataba wenu hausemi kwamba amana itarudishwa akipatikana mpangaji mwingine, na ujumbe wake wa tarehe 1 Julai hausemi hivyo pia.

Sasa mwandikie. Wapangaji wengi katika hali yako huandika, "Shikamoo Mama, naomba unikumbuke lile suala letu." Ujumbe wa namna hiyo una adabu, lakini haumpi msomaji kazi yoyote ya kufanya. Hautaji kiasi wala tarehe, na jibu lake rahisi ni "sawa mwanangu, nakukumbuka", ambalo ni la kweli na halikupi hata shilingi. Weka heshima yote katika salamu na lugha, na katika hesabu uwe wazi kabisa. Mimi ningeandika hivi, kwa ujumbe wa kawaida wa simu au wa WhatsApp, kwenye namba ileile aliyotumia kukuandikia:

"Shikamoo Mama. Natumaini hapo nyumbani wote ni wazima. Sisi huku Sengerema tunaendelea vizuri. Mama, naandika kuhusu amana ya nyumba, shilingi 180,000, niliyoilipa tarehe 2 Januari 2024. Katika ujumbe wako wa tarehe 1 Julai uliniambia kwamba utanirudishia tarehe 15 Julai, na hadi leo, tarehe 12 Agosti, sijaipokea. Bili ya maji ya mwezi Juni nakubali kukatwa sehemu yangu, naomba tu unitumie picha ya bili hiyo ili tupige hesabu pamoja. Kuhusu rangi ya sebuleni, naomba unieleze ni ukuta upi na una tatizo gani, kwa sababu siku ya kukabidhi tulipita wote na sikuliona. Naomba unitumie kiasi kinachobaki ifikapo Jumatatu tarehe 25 Agosti, kwa namba hii hii; jina litakalotokea ni langu. Ikiwa tarehe hiyo ina ugumu, tafadhali nitajie tarehe unayoiweza. Nakushukuru sana, Mama."

Nimeutanguliza ujumbe wake wa tarehe 1 Julai kwa makusudi. Anayekumbushwa ahadi yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, hana wa kubishana naye, ilhali ukisema "mkataba unasema" unamwita mezani kama mshtakiwa. Bili ya maji nimeikubali kabla hajaidai tena, kwa sababu ni deni la kweli: bili ya Juni hutoka baada ya mwezi kwisha, wewe ukiwa umeshaondoka, na mkataba unaruhusu madeni kukatwa. Ukilipokea lile lililo halali, neno lako juu ya lisilo halali linasikika. Na tarehe ni bora kuliko neno "haraka", maana haraka ya anayedai na haraka ya anayedaiwa hazifanani hata siku moja. Siku kumi na tatu zinamtosha mtu kuuza kitu, kupokea kodi ya chumba kingine au kuomba kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam.

Utaona sikugusa habari ya mpangaji mpya. Unaijua kwa kuambiwa na jirani, na mama akisoma kwamba kuna mtu anayekupelekea habari za nyumba yake, ujumbe mzima utageuka kuwa kesi ya jirani. Isitoshe, huihitaji, kwa kuwa haki yako haikuanza mpangaji huyo alipoingia. Ilianza ulipokabidhi funguo, na siku ya kulipa mama aliiweka mwenyewe.

Nikirudi kwenye makato, hapo ndipo fedha nyingi za amana hupotelea kwa utulivu, kwa hiyo uwe na hesabu yako kabla hajakuletea ya kwake. Tuseme nyumba yenu ilikuwa na mita moja ya maji ya MWAUWASA kwa wapangaji watatu, na bili ya Juni ni shilingi 42,000. Sehemu yako ni 14,000, kama mlikuwa mkigawana sawasawa miezi yote. Kama mlikuwa mkigawana kwa idadi ya watu, tumieni utaratibu huohuo, usibuniwe mwingine wakati wa kuhama. Angalia pia kwamba bili ni ya Juni yenyewe. Bili hubeba deni la nyuma, na ikiwa mpangaji mwenzako alichelewa kulipa sehemu yake ya Aprili au Mei, jumla itaonekana kubwa kuliko maji mliyotumia mwezi huo. Ndiyo maana nimekuandikia uombe picha, usiridhike na kiasi cha kutajiwa kwa mdomo. Umeme hauna deni la mwezi wa mwisho, kwani kwenye LUKU mtu hununua kwanza ndipo akatumia. Akitaja kodi ya jengo, hiyo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ni kodi ya mwenye jengo; ikiwa mita yako ndiyo iliyokuwa ikikatwa, basi wewe ndiye uliyekuwa ukimlipia. Sikushauri uidai sasa, kwa maana itaharibu mazungumzo kwa fedha kidogo, lakini usikubali ikatwe mara ya pili kwenye amana.

Rangi ni jambo jingine. Mkataba wenu unataja uharibifu, na kuchakaa kwa kawaida si uharibifu. Ukuta uliopauka kwa mwaka mmoja na nusu, alama za viganja karibu na swichi, weusi kidogo nyuma ya jiko, hayo ni maisha ya watu ndani ya nyumba, na kodi uliyolipa miezi kumi na minane ndiyo iliyoyafidia. Uharibifu ni kile ambacho kisingetokea kwa matumizi ya kawaida: plasta iliyobomoka kwa misumari mikubwa ya kutundikia luninga, kioo kilichovunjika, mlango uliotobolewa. Jiulize kwa uaminifu kama kuna kitu cha namna hiyo sebuleni kwako. Kama kipo, kikubali na ulipe gharama ya sehemu hiyo tu: ukuta mmoja wenye matundu manne ni kazi ya fundi ya saa chache na kopo dogo la rangi, si kupaka sebule yote. Hesabu hiyo iandikwe na fundi, pamoja na risiti ya duka. Kama hakipo, jibu lako liwe fupi na la upole: "Mama, rangi hiyo imechakaa kwa kukaa, hakuna sehemu niliyoiharibu, naomba tusiikate kwenye amana." Tafuta picha zozote ulizopiga siku ya kuhama. Hata ile uliyopiga ukiwa na maboksi mlangoni, ukuta ukionekana nyuma yako, ina tarehe ndani ya simu na inaweza kukusaidia.

Kwa hesabu hiyo ya mfano, 180,000 ukitoa 14,000 ya maji, kiasi unachodai ni 166,000. Kitaje hicho kuanzia hapo, na usirudi kwenye 180,000 kwa sababu tu umeudhika.

Huenda akajibu kwamba yote kwa pamoja hawezi. Usikatae. Mwambie, "Nashukuru Mama. Basi nitumie 83,000 tarehe 25 Agosti na 83,000 tarehe 25 Septemba," kisha umwombe akujibu kwa maandishi kwamba amekubali. Neno "sawa" likitoka kwenye namba yake linatosha. Maandishi hayo yana thamani kuliko unavyodhani: kwanza amekiri deni na kiasi chake, kwa hiyo habari ya rangi imekwisha, pili, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa simu kuwa ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani. Kwa hiyo usifute chochote, hata salamu za mwaka jana, na ukibadilisha simu hakikisha mazungumzo yote yamehamia kwenye simu mpya. Nimeona mpangaji mmoja wa Mkuyuni aliyepoteza ushahidi wote kwa kuuza simu yake, akabaki na kumbukumbu tu, na mwenye nyumba naye akawa na ya kwake.

Inawezekana pia akakutumia kiasi kidogo bila maelezo, tuseme 100,000. Ipokee, lakini siku hiyohiyo mwandikie kwamba umepokea 100,000 na kwamba zimebaki 66,000. Ukikaa kimya, mwezi mmoja baadaye atakuwa anaamini kwa dhati kwamba mlimalizana.

Ikiwa tarehe 25 itapita kimya, subiri siku mbili, kisha mwandikie mara moja tu, kwa ufupi, ukimwambia kwamba hujapata jibu na kwamba ungependa kumwomba mtu mnayemheshimu wote awasaidie kulimaliza. Usimtume dalali, hata kama ndiye aliyekutafutia nyumba, kwa sababu dalali anamhitaji mwenye nyumba kesho kuliko anavyokuhitaji wewe leo. Angalia mkataba wako ulishuhudiwa na nani. Kama uliandikwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa na una muhuri wake, mwenyekiti wa mtaa ndiye mtu wa kwanza wa kumwendea. Kama ulishuhudiwa na mzee wa kanisa lenu, anza kwa huyo. Mpelekee nakala ya mkataba, uthibitisho wa malipo ya Januari 2024 na picha ya ule ujumbe wa tarehe 1 Julai, umweleze hesabu kwa dakika tano bila kumsema mama vibaya. Fahamu tu kwamba mwenyekiti hana mamlaka ya kuhukumu deni. Kazi yake ni kuwakutanisha, na kushuhudia mtakachokiandika. Kwa hiyo usiondoke ofisini kwake na maneno matupu. Muwe na karatasi yenye kiasi, tarehe, saini zenu na ya kwake. Safari moja ya kuvuka Kamanga kwa ajili ya karatasi hiyo ina maana kuliko safari tatu za kwenda kubisha hodi.

Watu watakushauri uende polisi. Usiende. Kutorudisha amana kwa wakati ni deni la mkataba, na polisi watakuambia, na watakuwa sahihi, kwamba hilo ni suala la madai. Nawe utakuwa umempeleka kituoni mama aliyekuletea uji. Wala usiliandike jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au la kanisa. Fedha haitatoka huko, na heshima ikimwagika mbele ya watu haizoleki.

Pale ambapo usuluhishi umeshindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayofaa kwa deni la kiasi hiki linalotokana na mkataba. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili, unaweza kuifungua na kuieleza mwenyewe bila wakili, na utakachohitaji ni vitu vilevile ulivyompelekea mwenyekiti, pamoja na ujumbe wako wa tarehe 12 na ule wa pili. Kabla ya hapo mpelekee mama barua moja ya madai, iliyoandikwa kwa adabu ileile, ikitaja kiasi, tarehe zote zilizopita na siku kumi na nne za mwisho. Ipeleke kwa mtu atakayemsainisha nakala ya kupokea. Ukihitaji msaada wa kuiandika, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza waliko. Hakimu atapenda kuona kwamba ulikumbusha, ukasubiri, ukakubali kukatwa kilicho halali. Mimi, kwa jinsi unavyomweleza mama huyu, naona mtamalizana kabla ya hapo, pengine kwa mafungu mawili.

Fedha ikifika, mwandikie siku hiyohiyo: "Shikamoo Mama. Nimepokea shilingi 166,000, ikiwa ni amana yote ya nyumba ya Nyegezi baada ya kutoa 14,000 ya maji. Sina ninachokudai tena. Nikija Mwanza nitapita kukusalimia." Kisha upite kweli.